Balbu 200 za shule: ubadilishe moja moja ikiungua ama utoe zote mara moja? Hesabu yake hii hapa

Kuna shule moja ya bweni upande wa Vihiga nimeifanyia kazi ya stima miaka kadhaa sasa, na simu kila wiki ilikuwa ile ile, "Fundi, balbu tatu domu ya wasichana zimeungua na moja darasani, unakuja lini?" Napanda matatu Kisumu, nashuka stegi, nachukua boda mpaka geti, napanda ngazi mara nne, narudi nyumbani. Siku moja mhasibu akaniita ofisini, risiti zote za muhula amezipanga kwa meza, akaniuliza, "Fundi, hizi balbu mnazikula ama? Si afadhali tununue katoni tubadilishe zote wakati wa likizo tupumzike?" Nikamwambia, "Madam, nipe muda nipige hesabu, hii kitu sitaki nikujibu kwa kukisia." Nikapiga, na nimeona niwaandikie vile nilifanya, maana watu wengi wanaosimamia majengo huku kwetu wanabishana juu ya hii kitu bila namba hata moja.

Swali lenyewe ni hili: una vitu vingi vya aina moja, kila kimoja kinafanya kazi vizuri mpaka siku kinakufa ghafla. Unaweza kungoja kila kimoja kife ndio ukibadilishe, ama unaweza kuchagua tarehe moja ukatoa vyote hata vile vizima, na katikati hapo bado unabadilisha vile vinakufa kabla tarehe ifike. Kutoa balbu nzima watu wanaona ni kutupa pesa, na kuna wakati ni kweli kabisa, kuna wakati sio kweli. Kinachoamua ni shilingi ngapi unatumia kwa kila muhula, basi.

Hatua ya kwanza, tenga kundi la balbu zinazofanana. Mimi nilichukua balbu za LED za wati 9 za madomu na madarasa, jumla 200, kampuni moja, zinawaka saa karibu sawa, alfajiri na jioni mpaka baada ya preps. Taa za usalama za nje nikaziweka kando kwa sababu hizo zinawaka usiku kucha hata likizo, umri wake unaenda haraka, ukizichanganya na za darasani utapata wastani ambao haufanani na balbu yoyote. Kipimo changu cha muda ni muhula. Muhula wa tatu huwa mfupi kuliko ile mingine, najua, lakini kwa hesabu ya shule muhula ndio unaeleweka, bajeti inakuja kwa muhula na likizo ndio wakati domu ziko wazi.

Hatua ya pili, jua bei mbili, na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Bei ya kwanza ni ya kubadilisha balbu moja ikiungua. Ukiuliza shuleni watakuambia ni 250, bei ya rejareja ya hadiwea ya karibu. Hiyo ni balbu peke yake bwana. Mimi nikija pale nauli na boda kwenda na kurudi ni 400, na kazi yangu ni 600, hiyo ni 1,000 kwa safari moja, na kwa kawaida nilikuwa nakuta balbu nne zinaningoja, kwa hivyo kila balbu inabeba 250 ya safari. Jumla 500 kwa balbu moja. Bei ya pili ni ya kubadilisha zote pamoja: ukinunua katoni kwa jumla Kisumu balbu ile ile inashuka mpaka 150, na vijana wawili wakifanya siku mbili kwa 1,500 kila mmoja kwa siku ni 6,000, ukigawa kwa 200 ni 30 kwa balbu. Jumla 180. Weka hizo mbili kando, 500 na 180, kila kitu kinachofuata kinategemea hizo. Za kwako zitakuwa tofauti, piga na zako.

Hatua ya tatu ndio ndefu na ndio ya maana zaidi, kujua balbu zinakufa zikiwa na umri gani. Mwezi wa kwanza shule ilipofunguliwa tulikuwa tumeweka balbu mpya zote 200 kwa sababu ya ukarabati, kwa hivyo nikabahatika, zote zilianza siku moja. Kabla ya kuziweka niliandika tarehe kwa maka peni kwenye shingo ya kila balbu, pale juu ya chuma, pahali ambapo wino haufutiki na vumbi. Balbu yoyote niliyoingiza baadaye nayo nikaiandika tarehe yake. Kila nikitoa iliyoungua nasoma tarehe, naandika kwa kaunta buku: imewekwa lini, imekufa lini, domu gani.

Usitumie daftari la stoo kwa hii kazi, mimi nilijaribu kwanza nikapotea. Daftari la stoo linakuambia balbu ngapi zimetoka, halikuambii ni zile za mwanzo zimekufa ama ni zile ulizoweka juzi zimekufa tena. Ukichanganya hizo mbili utadhani balbu zina maisha mafupi kuliko vile ziko. Fuata zile 200 za mwanzo peke yake mpaka ziishe, na zile za kuingizwa baadaye ziwe kwa ukurasa wao.

Zile 200 za mwanzo ziliisha hivi: muhula wa kwanza zilikufa 10, wa pili 20, wa tatu 40, wa nne 60, na wa tano zikaenda 70 zilizobaki. Kwa asilimia ni 5, 10, 20, 30 na 35.

Kabla uendelee simama hapa uangalie kitu kimoja, na ukikosa hapa hesabu yote inayofuata haina kazi. Usiangalie tu ngapi zimekufa, angalia zimekufa ngapi kati ya zile zilizokuwa bado hai. Muhula wa kwanza ni 10 kati ya 200. Wa pili ni 20 kati ya 190, kama 1 kwa kila 10. Wa tatu ni 40 kati ya 170, karibu robo. Wa nne ni 60 kati ya 130, karibu nusu. Unaona inapanda? Hiyo maana yake balbu zinazeeka, balbu ya mihula mitatu ni mgonjwa kuliko ya muhula mmoja, kwa hivyo kuitoa ikiwa bado inawaka kuna faida. Lakini kama kwako inakuja sawa sawa, tuseme robo ya zilizo hai kila muhula tangu mwanzo mpaka mwisho, basi balbu ya zamani na balbu mpya ziko na hatari moja, ukitoa nzima ukaweka mpya umenunua kitu kile kile ulichokuwa nacho. Hapo badilisha moja moja na usisumbuke na katoni.

Na hiyo hali ya kuja sawa sawa mara nyingi inatokana na stima yenyewe, umri wa balbu hauhusiki. Huku upande wa ziwa ngurumo za jioni ni za karibu kila siku msimu wa mvua, radi inapiga laini, volti zinaruka, balbu mpya na mzee zinaenda pamoja. Ama nyutro inakatika kwa laini ya fezi tatu, volti zinapanda upande mmoja, unakuta domu nzima giza. Hizo usiziandike kwa ukurasa wa umri, ziandike kando kama ajali. Kuzitambua si ngumu: zimekufa usiku mmoja, nyingi, na ziko kwa fezi moja. Ile iliyokufa kwa uzee inakuja peke yake, wiki kadhaa kabla inapepesa ama inafifia, na ukiikamua ile kofia nyeupe ya plastiki ukaangalia ndani unakuta moja ya zile chipu za njano ina kidoa cheusi kama kichwa cha kiberiti, na kwa vile zimefungwa kwa msururu, moja ikikatika zote zinazima. Ama chipu zote ziko sawa lakini kapasita kwa ile bodi ndogo ya chini imevimba kichwa. Nimefungua nyingi sana za hiyo shule, na zile za darasa moja zilizofungiwa ndani ya glopu ya kioo ndio zilikuwa zinavimba kapasita mapema, joto halina pa kutokea. Hizo glopu tulizitoa kwanza kabla hata ya kuongea habari ya katoni.

Hatua ya nne, gharama ya kubadilisha moja moja. Tafuta wastani wa maisha ya balbu: zidisha kila muhula na sehemu yake halafu ujumlishe. 1 mara 0.05, jumlisha 2 mara 0.10, jumlisha 3 mara 0.20, jumlisha 4 mara 0.30, jumlisha 5 mara 0.35, inakuja mihula 3.8. Ukiendelea kubadilisha moja moja kwa muda mrefu umri unachanganyika, na kila muhula utakuwa unazika balbu 200 gawa kwa 3.8, yaani kama 52.6. Mara 500 ni shilingi 26,316 kwa muhula. Na hiyo 52 inakubaliana na zile nne za kila wiki nilizokuwa nakuta, hapo nikajua daftari langu halidanganyi.

Hatua ya tano, gharama ya kutoa zote. Hapa kuna mtego mdogo: balbu unayoingiza katikati nayo inaweza kufa kabla siku ya kutoa zote ifike, lazima uihesabu. Muhula wa kwanza zinakufa 10. Wa pili zinakufa 20 za mwanzo, na kati ya zile 10 ulizoingiza asilimia 5 inakufa, nusu balbu, jumla 20.5. Wa tatu ni 40 za mwanzo, jumlisha 1 kutoka kwa zile 10, jumlisha 1 na kitu kutoka kwa zile 20.5, inakuwa 42. Wa nne inafika 66. Kwa simu ukitumia Sheets weka asilimia pamoja na alama yake, 5% mpaka 35%, kwa B2 mpaka B6, na idadi ya balbu kwa C1, halafu andika hizi kwa C2 mpaka C5:

```
=C1*B2
=C1*B3+C2*B2
=C1*B4+C2*B3+C3*B2
=C1*B5+C2*B4+C3*B3+C4*B2
```

Kutoa zote 200 ni 200 mara 180, shilingi 36,000. Sasa jiulize ukitoa zote kila baada ya muhula mmoja, miwili, mitatu ama minne, kila muhula unakula ngapi.

Kila muhula mmoja: 36,000 na zile 10 zilizokufa katikati kwa 500, jumla 41,000. Hiyo ni wazimu.
Kila mihula miwili: 36,000 na balbu 30.5 kwa 500, gawa kwa 2, inakuja 25,625.
Kila mihula mitatu: 36,000 na balbu 72.5 kwa 500, gawa kwa 3, karibu 24,090.
Kila mihula minne: 36,000 na balbu 138.7 kwa 500, gawa kwa 4, karibu 26,340.

Ukitoa mapema unalipa katoni mara nyingi, ukichelewa zile zinazokufa moja moja kwa 500 zinakumaliza, na katikati hapo kwa mihula mitatu ndio bei iko chini kabisa. Mihula mitatu ni mwaka mmoja wa shule, kwa hivyo ni kila likizo ya Desemba. Ukilinganisha na 26,316 ya kubadilisha moja moja, shule inaokoa kama 2,230 kwa muhula. Sio pesa ya kujenga nyumba, nilimwambia mhasibu hivyo wazi, na ukichukua ile ya kila mihula minne hauokoi kitu, ni sawa tu na ulipokuwa. Ndio maana mtu akikuambia "kutoa zote pamoja ni rahisi" muulize kwanza kila baada ya muda gani.

Kuna njia ya mkato ya kujua wakati wa kusimama bila kupiga zote. Kila muhula unapoisha, chukua gharama ya balbu zitakazokufa muhula unaofuata, linganisha na wastani wako mpaka hapo. Baada ya miwili wastani ni 25,625, na muhula wa tatu utaua balbu 42, yaani 21,000, iko chini ya wastani, endelea. Baada ya mitatu wastani ni 24,090, na muhula wa nne utaua 66, yaani 33,000, imepita wastani, toa zote sasa.

Kitu kimoja kuhusu ile 500. Ukishatoa zote, muhula wa kwanza zinakufa 10 tu kwa muhula mzima, fundi akiitwa kwa kila moja safari ya 1,000 yote inaangukia balbu moja na hesabu yote inaharibika. Kwa hivyo tulikubaliana na shule nisiitwe mpaka zifike nne, isipokuwa kama ni ngazi ama choo cha usiku, pahali mtoto anaweza kuanguka. Bila hayo makubaliano usiseme unatumia hii njia.

Sasa hatua ambayo ningeomba kila mtu afanye, tafuta ile bei ambapo majibu yanageuka. Kwa balbu zangu, kama kubadilisha moja kunagharimu chini ya kama 420, kutoa zote hakulipi. Hiyo 420 inatoka wapi? Kutoa zote kila mihula mitatu ni 12,000 kwa muhula pamoja na balbu 24.2 za katikati, na moja moja ni balbu 52.6, tofauti ni balbu 28.4 kwa muhula, na 12,000 gawa kwa 28.4 ni karibu 422. Kuna shule nyingine hapo karibu wana fundi wao wa mshahara, anaishi kompaundi, nauli hakuna, safari hakuna, kwao balbu moja inakuja kama 300 na kila kitu. Walisikia habari zetu wakataka katoni na wao. Tukapiga: moja moja ni 15,790 kwa muhula, kutoa zote kila mihula mitatu ni 19,250. Wangepoteza karibu 3,460 kila muhula, nikawaambia waache, waendelee vile wako.

Watu wa matatu wameniuliza kama hii inafanya kwa tairi. Kwa sehemu ndogo tu. Tairi inayokufa kwa msumari ni ajali, haijali umri, iko kama ile radi, kubadilisha zote hakukuokoi. Na tairi inayokwisha kwa kulika unaiona kwa macho na unaipima kina cha mistari, huhitaji kukisia kama balbu ambayo jana iliwaka na leo imekufa. Kinachofanya watu wabadilishe mbili mbili ni ekseli, mpya upande mmoja na iliyolika upande mwingine gari linavuta unapofunga breki, hiyo ni habari ya usalama kabla ya habari ya bei.

Tukirudi shuleni, Desemba kazi yenyewe ilienda hivi. Tulizima meni, tukaanza domu moja mpaka iishe kabla ya kwenda nyingine, kijana mmoja kwa ngazi na mwingine chini anaandika tarehe mpya kwa shingo ya kila balbu kabla haijapanda. Zilizotoka tulizipanga kwa maboksi mawili kwa kusoma tarehe: zile zilizoingizwa muhula wa tatu, bado changa, zikaenda stoo ziwe za kubadilisha zile zitakazokufa mwaka unaofuata, na zile zenye mihula miwili kwenda juu zikatoka kabisa, hata kama zinawaka. Hapo mhasibu alishika moja, akaijaribu kwa holda ya ofisini ikawaka vizuri sana, akaniangalia. "Na hii pia?" Nikamwonyesha tarehe, ilikuwa ya mwezi wa tano, nikamwambia, "Madam, ukiirudisha huko juu, mwezi wa tatu utanipigia simu, na utakuwa umeilipia 500." Akaiweka kwa boksi la pili mwenyewe.